Siku Mama Alipopunguza Sauti

Upande wa ukutani wa kitanda chetu bado ni wa dada yangu. Nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Langas, na kitanda chote sasa ni changu. Ningeweza kulala katikati na kunyoosha miguu ninavyotaka. Lakini nalala ukingoni kama zamani, kana kwamba kuna mtu atakayenisukuma kwa magoti na kuniambia nimechukua blanketi lote. Wakati mwingine najiuliza kama kulala ukingoni ni mapenzi au ni mazoea tu, kisha najiuliza kwa nini najiuliza, na usingizi unapotea.

Dada yangu ana miaka kumi na mitano. Tangu likizo ya Aprili anaishi Cheptiret kwa shangazi, dada yake Baba. Si mbali. Mtu akiamua anaweza kwenda, akanywa chai, akarudi kabla nguo alizoanika hazijakauka. Ndiyo maana iliuma. Angekuwa mbali tungeilaumu barabara. Hapa hapakuwa na cha kulaumiwa ila sisi wenyewe na nyumba yetu.

Baba yuko Lodwar kwa kazi ya mjengo na huja mara chache, kwa hivyo nyumba ni ya Mama. Mama anauza omena, wale dagaa wakavu, sokoni. Sauti yake inafika kibanda cha mwisho hata mvua ikipiga mabati. Pia ni mwenyekiti wa ushirika wa akina mama, wale wanaokutana kila Alhamisi alasiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, wakiimba, wakisoma, wakiombeana na kunywa chai. Tulikulia ndani ya ushirika huo. Wakati nilipokuwa na mitihani, waliniombea. Baba alipoanguka kutoka kwa ngazi, walikuja na unga na sukari wakalala kwetu. Nasema hivi mapema ili mtu asije akawaona vibaya.

Alhamisi hiyo ya Aprili ushirika ulikuwa kwetu. Mimi na dada yangu tulikuwa jikoni, mimi nikipanga vikombe, yeye akimimina chai kutoka kwa sufuria. Aliweka sufuria chini ghafla, chai ikamwagika kwenye jiko.

"Sis," aliniambia, "siskii poa."

"Tumbo?"

"Zii. Moyo. Unapiga vibaya. Sis, siwezi kuvuta pumzi."

Lakini alikuwa anavuta pumzi, tena nyingi, fupi fupi, kama mtu aliyekimbia kutoka mtoni. Uso ulikuwa umetoka jasho. Alisema midomo inamwasha kama ameshika pilipili, na mikono pia. Kisha vidole vyake vikaanza kujikunja, vinne vimekakamaa na kushikana, gumba limeingia ndani ya kiganja, na hakuweza kuvikunjua. Aliviangalia kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Nakufa," alisema, bila kupiga kelele, kama habari.

Nilimwita Mama. Mama alikuja, na nyuma yake ukaja ushirika wote.

Jiko letu linatosha watu wawili. Waliingia waliotosha, wengine wakabaki mlangoni wakichungulia juu ya mabega, na wa kwanza kuviona vile vidole alikuwa mama mmoja mzee, mkubwa wao kwa umri, ambaye sote tunamwita Kukhu ingawa si nyanya yetu.

"Hizo vidole si za kawaida," alisema. "Mwenyekiti, huyu mtoto asiachwe hivyo."

Walimtoa hadi sebuleni, wakamweka katikati. Mikono ilimfika kichwani, mabegani, mgongoni. Mmoja alikuwa anamkunjua vidole kimoja kimoja kwa nguvu, na kila akikiachilia kinarudi. Wote waliomba kwa pamoja, kila mtu kwa maneno yake na kwa sauti yote aliyojaliwa, na iliyosikika juu ya zote ilikuwa ya Mama. Mtu alimrushia maji usoni. Dada yangu alipiga kelele, na kelele hiyo wakaipokea kama dalili njema, kwamba kitu kinatoka. Wakaongeza.

Baadaye mwili wake ulichoka. Pumzi zikashuka, vidole vikalegea, na sebule yote ikashukuru kwa wimbo. Nilikuwa nimesimama kwenye pazia la jikoni na kikombe mkononi. Dada yangu alimtafuta Mama kwa macho katikati ya vile vitambaa vya kichwani, na alipompata hakumwangalia kwa hasira. Alimwangalia kama mtu anayeangalia kituo alichokuwa ashukie, na gari limeshapita.

Mama si mjinga. Asubuhi iliyofuata alimpeleka hospitali, nami nikaandamana nao. Daktari alimpima moyo kwa mashine ya waya, akampima presha na damu, akauliza kama ana pumu, kama huwa anazimia, kama kifua humuuma akikimbia. Yote yalikuwa sawa. Alisema lile lilikuwa shambulio la hofu, kwamba mwili huwasha tahadhari zote kwa pamoja hata pasipo na hatari, na akampa tarehe ya kuonana na mshauri nasaha wa hapo hospitalini. Mama aliitikia, akashukuru, na njiani akaniambia, "Hofu ya nini? Si ako kwao?"

Lilimrudia mara mbili likizo hiyo. Mara ya kwanza alijifungia chooni nje hadi lilipopita. Mara ya pili nilimkuta nyuma ya tangi la maji amekaa chini, amefunika mdomo kwa sweta ili asisikike. Jioni hiyo alimwambia Mama kwamba anataka kwenda kwa shangazi.

"Kwani shangazi ako na nini sisi hatuna?" Mama aliuliza.

"Ako na kuku na amenyamaza."

"Na hapa?"

Dada yangu alisugua kidole kwenye ukingo wa meza kwa muda. "Hapa siwezi kuwa mgonjwa, Mama. Nikiwa mgonjwa nageuzwa ushuhuda."

Mama alikubali akidhani ni wiki moja au mbili. Shule zilipofunguliwa, shangazi akamtafutia nafasi katika shule ya kutwa karibu naye, na sanduku likafuata.

Nyumba yenye mtu mmoja pungufu ina sauti yake. Mama aliendelea kupika ugali wa watu watatu. Kila Jumamosi alifunga omena kwenye gazeti na kumtuma mtu anayeelekea Cheptiret, na kila Jumapili alipiga simu. Nilimsikia. "Umekula? Umelala? Umeoga na maji moto? Huko kuna baridi? Na ile kitu? Imekuja? Haijakuja? Uko sure?" Majibu yalikuwa mafupi kiasi kwamba hata mimi niliyekaa mbali niliyahesabu kwa kichwa. Eeh. Eeh. Zii. Sawa, Mama. Akikata simu Mama aliishika tu mapajani, akaangalia skrini hadi ikazima.

Sikuwa na kazi, na mtu asiye na kazi ana muda wa kusoma. Nilisoma kila kitu kuhusu mashambulizi ya hofu kwenye simu yangu hadi nikaanza kujipima mapigo mwenyewe. Nilimtumia Mama sauti ndefu za maelezo akiwa sokoni. Hakuzisikiliza. "Msomi," aliniambia, "hiyo sauti yako inanipea hiyo ugonjwa mimi."

Kilichomfikisha kwa mshauri si mimi. Ni mshauri mwenyewe, aliyeomba kumwona mzazi. Mama alivaa nguo ya kanisani na akataka niandamane naye, kwa sababu alidhani watazungumza Kiingereza.

Walizungumza Kiswahili. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta la rangi ya udongo, na aliongea polepole mpaka nikahisi mabega yangu yakishuka yenyewe. Hakumlaumu Mama. Alimwomba asimulie alichoona siku ile, na Mama akasimulia yote, pamoja na vidole.

"Vidole ni pumzi," mshauri alisema. "Mtu akipumua haraka sana, anatoa nje hewa ambayo mwili ulitaka kubaki nayo kiasi. Midomo inawasha, mikono inakufa ganzi, vidole vinajikunja. Pumzi ikirudi polepole, vidole vinarudi vyenyewe. Havihitaji kukunjuliwa."

Mama aliangalia vidole vyake mwenyewe. "Tulimkunjua kwa nguvu."

"Hamkujua."

"Kwa hivyo nimwekee mfuko wa karatasi mdomoni apumulie? Jirani alisema."

"Hapana, mama. Hiyo tuliiacha. Inaweza kumdhuru, na tena inamtisha."

"Sasa mimi nifanye nini ikome?"

Nakumbuka jibu la mshauri kwa sababu lilimchukiza Mama pale pale. "Hutaikomesha. Itapanda, itafika juu, kisha itashuka yenyewe, mara nyingi ni suala la dakika tu, hata kama kwake ni kama mchana mzima. Umewahi kusikia king'ora cha gari kikilia kwa sababu paka ameruka juu ya boneti? Hakuna mwizi. Lakini mwenye gari akitoka akipiga kelele, mtaa wote unaamka. Kazi yako ni kukaa naye hadi kinyamaze."

"Kukaa tu."

"Kukaa ni kazi ngumu. Kaa chini, usimsimamie juu ya kichwa. Watu wengine watoke. Sauti yako iwe ya chini, maneno machache. Mwambie uko hapo, kwamba ni ile hofu, kwamba itapita. Usimwambie tulia, angeweza angetulia. Usimuulize maswali mengi. Kabla ya kumshika, muulize. Na wewe mwenyewe pumua polepole, ukitoa pumzi kwa urefu kuliko ulivyoivuta. Usimlazimishe, atakufuata akiweza. Akiweza kusikiliza zaidi, mwambie aguse kitu cha baridi, akwambie anaona nini. Likipita, mpe maji, mwache apumzike. Mazungumzo ni ya baadaye."

"Na maombi?"

"Omba, mama. Ombea ndani."

"Mungu husikia ya ndani," Mama alisema. "Mimi ndiye sijazoea."

Mshauri aliongeza kwamba akizimia, au kifua kimuume akifanya kazi nzito, au hali isishuke na iwe tofauti na walivyoizoea, tusikae nayo nyumbani, tumlete. Na kwamba tusimfiche asiende popote kwa kuogopa litakuja. Hofu inayokimbiwa hunenepa. Kuhusu Cheptiret hakusema kitu. Mama alingoja aseme. Nami nilingoja.

Tukaanza mazoezi. Ndiyo, mazoezi, na aliyeigiza mgonjwa nilikuwa mimi. Mama alitaka hivyo. "Wewe unajua kuogopa bila kufundishwa," alisema. Nilikaa sakafuni sebuleni nikapumua haraka haraka, naye akaja kutoka jikoni.

"MTOTO WANGU NIKO HAPA!"

"Mama."

"Nini?"

"Unaniuzia omena?"

Alicheka hadi akakaa, na kwa kukaa akawa amefanya la kwanza. Tulirudia siku nyingine. Aliposhusha sauti, maneno yalikuwa mengi. Alipopunguza maneno, mikono ilienda yenyewe kunishika kichwa, mahali pale pale inapowekwa wakati wa kuombea. Aliibana mikono yake kati ya magoti kama mtu anayewazuia watoto wawili. Halafu akasahau kupumua, nikamwona akigeuka rangi.

"Mama, wewe ndiye utazimia."

"Nyamaza, mgonjwa haongei."

Siku moja, sijui ni kwa nini siku hiyo, aliikamata. Alikaa kando yangu, si mbele yangu, mgongo ukutani. Kisha: "Mama, niko hapa." Mama huwaita mabinti zake hivyo, mama, pale moyo wake ukiwa umelainika, na ilikuwa muda mrefu tangu aniite. "Itapita. Siendi mahali." Na nikasikia pumzi yake ikitoka ndefu, na mimi niliyekuwa naigiza nikagundua kwamba kuna mahali chini ya mbavu nilikuwa nimejikaza tangu siku nyingi, pengine tangu nitoke chuo. Sikumwambia. Nilimwambia kwamba angalau hapo amejaribu.

Dada yangu alikuja wikendi ya katikati ya muhula, mwezi wa Julai, siku mbili tu, alisema. Mama alipika kuku. Tulikuwa waangalifu wote watatu kama watu wanaobeba kitanda kupitia mlango mwembamba. Usiku alilala upande wa ukutani na kunisukuma kwa magoti, na sikulalamika blanketi. Nilimsikia Mama upande wa pili wa pazia akigeuka na kugeuka. Nilijua anachotaka. Alitaka asikie, asubuhi, kwamba sanduku linarudi. Nami nilitaka hivyo hivyo, na kwa kuwa nilitaka sana niliogopa hata kulifikiria kwa nguvu, nisije nikaliharibu.

Jumamosi mchana Mama alikuwa sebuleni akichagua omena kwenye sinia, akitoa mawe. Mimi nilikuwa nasuka nywele za dada yangu. Kichwa chake kilikuwa kati ya magoti yangu, na nilihisi kwanza kwa mikono: ngozi ya kichwa ikapata jasho.

"Mama," alisema. "Inakuja."

Alimwambia Mama. Aliyemshika nilikuwa mimi, lakini alimwambia Mama.

Sinia liliwekwa chini bila kelele. Mama alishuka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, akaburuta makalio hadi kando yake, mgongo kwenye kochi. Na wakati huo huo, mlangoni:

"Hodi! Mwenyekiti! Tumesikia mgeni amefika!"

Ilikuwa Kukhu na mama mwingine wa ushirika, mmoja na mfuko wa sukari, mwingine na unga. Mtoto akirudi nyumbani baada ya kukaa mbali, watu huja kumwamkia. Ndivyo ilivyo kwetu, na mtu haambiwi ngoja. Mlango ulikuwa wazi nusu. Dada yangu aliona kivuli chao kwenye sakafu na pumzi zikaruka juu. Vidole vikaanza.

Mama aliviona vidole. Alikuwa na mikono yake mapajani, na niliona inavyotaka kwenda. Hakuipeleka.

"Msomi," aliniambia, bila kugeuka, kwa ile sauti ndogo. "Toka ukae na wageni. Funga mlango."

"Nisaidie nini, nilete maji, nilete..."

"Toka. Unapumua kuliko yeye."

Nilitoka. Nilifunga mlango nyuma yangu na kusimama mbele yake, nikiwa na kitana mkononi, mbele ya wanawake wawili walionibeba mgongoni nikiwa mchanga.

"Kuna nini?" Kukhu aliuliza.

"Dada yangu hajisikii vizuri. Mama anaomba mngoje kidogo."

"Ni ile kitu?" Alinisoma usoni. "Basi tupishe."

"Kukhu, Mama amesema..."

"Mwenyekiti anatufungia mlango? Sisi?"

Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu. Nilikuwa na maelezo kichwani, kuhusu pumzi, kuhusu hewa, kuhusu king'ora, na yalikuwa yamepangwa vizuri, lakini lililotoka lilikuwa, "Tafadhali, Kukhu. Akiwaona wengi anaumia zaidi. Ndiyo maana alihama."

Hakuna aliyekuwa amewaambia hilo. Yule mama mwingine aliangalia mfuko wa unga. Kukhu alikaa kwenye benchi polepole, magoti yakilia, na mimi nikabaki nimesimama, na kwa kuwa tulikuwa tumenyamaza tukaanza kusikia.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Tulisikia pumzi za dada yangu, zile fupi, kama msumeno kwenye ubao. Kisha Mama.

"Niko hapa, mama."

Msumeno uliendelea.

"Ni ile hofu. Unaijua. Itapita."

"Nakufa."

"Najua unasikia hivyo. Siendi mahali."

Nilisubiri Mama aharibu. Nilisubiri aulize umekula, umelala. Hakuuliza. Kilichosikika kilikuwa pumzi yake, akivuta kidogo, kisha akiitoa ndefu, kama mtu anayepuliza chai bila kuirusha. Tena. Tena. "Nikushike mkono?" Sikusikia jibu, lakini nadhani aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Vidole vitajifungua vyenyewe. Viache." Pumzi. "Sakafu ni baridi, siyo? Weka huo mwingine hapo."

Kukhu aliinama kuelekea dirishani. "Anamwambia nini?"

"Anamwambia yuko hapo."

"Basi?"

"Basi."

Niliogopa atainuka. Nilipomwangalia tena macho yake yalikuwa yamefungwa na midomo inasogea bila sauti, na mwenzake vilevile. Na mimi pia nilikuwa nafanya kitu bila kujua: kila Mama alipotoa pumzi ndani, nami nilitoa yangu nje ya ukuta. Nilitamani kuwa upande ule. Nasema kama ilivyokuwa. Nilifurahi kwa ajili ya dada yangu, na wakati huo huo nilitamani ningekuwa mimi kwenye sakafu ile, na miaka kumi na mitano, na mtu wa kuniambia haendi mahali.

Msumeno ulipungua. Ukawa na mapengo. Kulikuwa na kikohozi, kisha kilio cha kawaida, kile cha uchovu, ambacho hata Kukhu alikitambua maana alifungua macho.

"Unaona nini hapo?" Mama aliuliza.

"Omena." Pua ilivutwa. "Mingi."

"Na nini kingine?"

"Soksi yako imetoboka."

Mama alicheka, kwa sauti ya chini, na dada yangu akacheka katikati ya kilio, na mimi nikakaa kwenye benchi kando ya Kukhu.

Mama alipotoka alishika fremu ya mlango. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Aliwasalimia, akawaomba radhi kwa kuwaweka nje.

"Amekunywa maji, amejinyoosha," alisema. "Tukae hapa hapa. Tuongee polepole."

"Mwenyekiti," Kukhu alisema, "sijawahi kukusikia ukiongea hivyo. Nilidhani kuna mgeni ndani."

"Hata mimi."

"Sasa sisi tukija tufanye nini? Tusimuombee mtoto?"

"Muombee, Kukhu. Mimi pia nilikuwa namuombea."

Kukhu alisema basi chai iletwe, kwa sababu sukari ameibeba mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa dada yangu alipanga begi lake. Begi, si sanduku. Mama alikaa kitandani akimtazama akikunja sketi, na niliona akimeza swali, akalimeza tena. Ni dada yangu aliyelianza.

"Nitamaliza mwaka huko, Mama. Nimezoea shule."

"Sawa."

"Si kwa sababu ya jana."

"Sawa, mama." Kisha akashindwa kujizuia. "Jana nilikosea wapi?"

Dada yangu alifikiri. "Ilipoisha uliendelea kunishika mkono."

"Nilikuumiza?"

"Zii. Ulitaka kuuachilia, nikashikilia mimi. Hukusikia?"

Mama alisema hakusikia. Alichukua sketi iliyokwisha kukunjwa, akaikunja upya.

Akaondoka. Nyumba ikarudia sauti yake ya upungufu, nami nikarudi ukingoni mwa kitanda. Ningependa kuandika kwamba tuliridhika, kwamba kujua ni nini cha kufanya kulitutosha. Hakukutosha. Mama alikuwa amejifunza kukaa, na mtoto ambaye alijifunza kwa ajili yake hakuwepo wa kukaa naye. Jioni nyingine nilimkuta sakafuni, mgongo kwenye kochi, peke yake, na sikumuuliza anafanya nini. Nilikaa upande wa pili.

Wiki mbili au tatu baadaye nilikuwa nimemsindikiza sokoni. Ilikuwa alasiri, watu wengi, mvua inataka kuja na kila mtu anataka kuuza kabla haijafika. Mama alikuwa katikati ya kelele zake, mkono mmoja kwenye gorogoro, ule mkebe wa kupimia, simu ikalia. Aliangalia jina na hakusema halo. Alisikiliza. Kisha akaweka gorogoro chini, akageuka, akachuchumaa nyuma ya meza kati ya magunia, simu kwenye sikio, kiganja kingine kwenye sikio la pili.

"Niko hapa, mama," alisema.

Mteja, mwanamume mwenye buti za mjengo, aliuliza kama tunauza au hatuuzi. Nilimwambia angoje. Alitaka kujua kuna nini, nikamwambia Mama anaongea na mtoto wake. Wenye vibanda jirani walikuwa wakiita wateja, na kule chini Mama alikuwa anavuta pumzi kidogo na kuitoa ndefu, ndani ya simu, hadi Cheptiret. Nilichuchumaa karibu yake. Kutoka kwenye ile simu nilisikia msumeno, kwa mbali, na nilitamani sana kuwa na mkono wa kufika huko. Mama naye alikuwa ameunyoosha wake juu ya saruji, kiganja wazi, kana kwamba kuna mtu wa kuushika.

"Siendi mahali," alisema.

Mvua ilianza. Mteja aliingia chini ya turubai letu na kungoja.

Pumzi zilishuka. Baada ya muda dada yangu alisema kitu ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu ya mabati, na Mama akafunga macho.

"Ijumaa?" alisema. "Njoo Ijumaa. Mlango utakuwa wazi." Akasikiliza tena, akatabasamu. "Haya basi. Utakuwa umefungwa, na sisi wawili tu ndani."

Halafu akanitazama, akarekebisha. "Watatu."